Gemu Inayofungika Ghafla kwenye Simu ya Bei Nafuu

Mchezaji anaendesha bodaboda kwenye gemu, anakaribia kumaliza hatua, mara skrini inarudi kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu. Hakuna ujumbe wa hitilafu. Au anapokea simu kwa dakika moja, akirudi anakuta gemu inaanza upya. Wengi huilaumu simu. Ukweli ni kwamba Android, RAM inapokaribia kwisha, huanza kuzima programu zilizo nyuma, na hali ikizidi huifikia hata ile iliyo mbele ya macho. Kwenye simu ya GB 1 au 2, ambayo sehemu kubwa ya RAM yake tayari imeshikwa na mfumo wenyewe, hilo hutokea mapema.

Kinachokula RAM zaidi kwenye gemu za aina hii ni picha, na hapa ndipo watengenezaji wengi hupotea. Wanaangalia ukubwa wa faili. Picha ya PNG yenye pikseli 2048 kwa 2048 inaweza kuwa na kilobaiti mia kadhaa tu kwenye diski, lakini chipu ya kuchora haisomi PNG. Picha hufunguliwa kwanza, kila pikseli ikachukua baiti 4, na jumla inakuwa MB 16, hata kama picha yenyewe ni anga tupu. Gemu yetu ya bodaboda ikiwa na picha 12 za namna hiyo, MB 192 zimekwenda kabla hata sauti hazijapakiwa.

Dawa ni kuzihifadhi picha kwa mbano ambao chipu inausoma moja kwa moja, bila kuufungua. ETC2 hutumia baiti 1 kwa pikseli badala ya 4, kwa hiyo MB 192 zinashuka hadi 48. Kisha jiulize picha inaonekana kwa ukubwa gani. Simu nyingi za bei ya chini zina skrini yenye upana wa pikseli 720. Majengo ya mbali hayana haja ya 2048. Ukipunguza 8 kati ya zile 12 ziwe 1024 kwa 1024, kila moja inabaki na MB 1, na jumla yote inakuwa MB 24.

Angalia mtego mmoja: ETC2 hufanya kazi kwa vipande vya pikseli 4 kwa 4. Katika Unity, picha yenye upana wa 1022 haigawanyiki kwa 4, hivyo huachwa bila kubanwa, na usipoangalia mipangilio yake hutajua. Mbano pia huchafua anga la machweo lenye rangi zinazofifia polepole. Picha chache za namna hiyo ziache kama zilivyo.

RAM ikitulia, huenda gemu bado ikakwama-kwama. Ili ionekane laini kwa fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 33 tu. Ndani ya muda huo prosesa huiagiza chipu ya kuchora: chora hiki, sasa badilisha picha, chora kile. Kila agizo lina gharama yake ya maandalizi, hata kama kinachochorwa ni kidogo. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani mara themanini, kila mara kitu kimoja.

Themanini hiyo ni hesabu halisi. Barabarani kuna sarafu 40, kila moja na kivuli chake. Kama kivuli na sarafu ni picha mbili tofauti na zinachorwa kwa kupishana, kila zamu inalazimisha agizo jipya: 80. Vivuli vyote vikichorwa kwanza, kisha sarafu zote, maagizo yanakuwa 2. Zote mbili zikiwekwa kwenye karatasi moja ya picha, yaani atlasi, agizo linaweza kuwa 1. Dirisha la Frame Debugger la Unity huonyesha maagizo haya moja baada ya jingine, na mara nyingi hukuambia kwa nini kundi limekatika.

Usikimbilie kuongeza atlasi kabla hujajua kinachochelewesha. Punguza ukubwa wa mchoro mzima hadi nusu, ucheze tena. Gemu ikiwa nyepesi, tatizo lilikuwa wingi wa pikseli, labda moshi na vumbi vinavyochorwa juu ya vingine. Isipobadilika, shuku prosesa na maagizo yake.

Tena atlasi hupakiwa yote au isipakiwe kabisa. Ukikusanya picha zote za gemu kwenye atlasi moja ya 4096, kitufe kimoja cha menyu kitaburuta MB 16 hata baada ya mbano. Kwa maoni yangu, hili ndilo kosa linalowaponza hata watu makini: wanapunguza maagizo na kuijaza RAM ileile waliyoiokoa. Panga atlasi kwa kufuata vitu vinavyoonekana pamoja: moja ya menyu, moja ya kila mji, na uiondoe ya zamani mchezaji anapohama.

Kisha pima kwa amri hii, ukiweka jina la gemu yako:

```
adb shell dumpsys meminfo com.mfano.bodaboda
```

Soma mstari wa `TOTAL` ukiwa kwenye menyu, ndani ya hatua, na baada ya kurudi kwenye menyu. Namba ya mwisho ikikaa juu sana kuliko ya kwanza, kuna picha hazijaachiliwa. Na kipimo hiki kifanyie kwenye simu ya GB 1 au 2, hata iliyotumika, yenye programu ambazo watu huwa nazo. Simu yako nzuri ya kazini haitakuonyesha tatizo hili.