Je, Wajua? Skripti inayolinda tovuti inaweza kukwama nayo

Skripti ya Python inayokagua tovuti kila baada ya dakika 5 inaweza kunyamaza siku ile ile inapohitajika. Maktaba ya `requests` haina ukomo wa kusubiri usipoiwekea. Seva ikipokea muunganisho kisha isijibu, skripti nayo husubiri tu: hakuna hitilafu, hakuna tahadhari, na zamu ya ukaguzi inayofuata haifiki. Mwenye tovuti hudhani mambo ni shwari. Weka ukomo:

```python
requests.get(url, timeout=10)
```

Sasa seva ikikaa kimya sekunde 10, hitilafu ya `Timeout` hutokea. Inase kwa `except`, kisha tuma ujumbe. Angalia lakini: sekunde hizo hupima ukimya, si muda wote. Seva inayodondosha baiti moja kila baada ya sekunde 9 bado itaikwamisha skripti.