Magamba ya Mafuta Kichwani mwa Mtoto Mchanga

Mtoto wa wiki 6 ameletwa kliniki kwa chanjo. Ananyonya vizuri, uzito umepanda, usiku analala. Mama anapomvua kofia, utosi mzima umefunikwa na magamba ya njano yenye mafuta, na mengine yako kwenye nyusi na nyuma ya masikio. Jirani ameshasema ni uchafu. Bibi anasema ni pumu ya ngozi.

Si uchafu. Homoni alizopata kwa mama yake zinachochea tezi za mafuta za ngozi yake, na fangasi wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu hustawi palipo na mafuta hayo. Hali hii huanza kwa kawaida kati ya wiki ya 3 na mwezi wa 3, haiambukizi, na mara nyingi huisha yenyewe kabla ya mwaka mmoja.

Kuitofautisha na pumu ya ngozi, mwangalie mtoto mwenyewe kabla ya kuangalia magamba. Huyu ametulia. Mwenye pumu ya ngozi anawashwa: anajisugua kwenye shuka, analala kwa taabu. Ngozi yake ni kavu na inakwaruza, hasa mashavuni na kwenye mikono na miguu, ilhali sehemu ya nepi mara nyingi husalimika. Magamba ya mafuta, kinyume chake, hupenda mikunjo: shingoni, kwapani, hata kwenye nepi. Msitafute wekundu tu. Kwenye ngozi nyeusi magamba haya yanaweza kuacha mabaka yaliyopauka, ambayo rangi yake hurudi polepole. Wapo watoto wachache wenye yote mawili.

Mama huyu ashughulike na kichwa tu. Apake vaselini au mafuta ya mtoto yasiyo na manukato, asubiri kama nusu saa magamba yalainike, ayasugue taratibu kwa brashi laini, kisha aoshe kwa shampuu ya mtoto na kusuuza mafuta yote, maana yakibaki yanagandisha magamba upya. Arudie kila baada ya siku chache. Mafuta ya zeituni ayaache, kwa kuwa fangasi hao huyala. Asibandue magamba makavu kwa kucha: ngozi huchanika na vijidudu huingia. Akina mama wengi huogopa kugusa utosi, na ndipo magamba yanaporundikana. Chini yake kuna utando imara, kuosha kwa upole hakuudhuru.

Krimu za mchanganyiko zinazouzwa madukani bila cheti cha daktari zina steroidi kali kupita ngozi ya mchanga. Hizo asipake kabisa. Shampuu ya ketokonazo pia asubiri aandikiwe. Amrudishe mtoto kituoni ikiwa ngozi inatoa maji, usaha au harufu, magamba yakisambaa mwilini, au mtoto akipata homa, akiharisha mfululizo au akiacha kuongezeka uzito.