Kitenzi Hakitoshi: Ngazi Sita za Malengo ya Somo

Katika andalio la somo, mwalimu mwanafunzi hutakiwa kuandika kile ambacho mwanafunzi ataweza kukifanya somo likiisha. Bendjamini Blumu na wenzake walipanga malengo ya namna hiyo katika ngazi sita mwaka 1956. Mwaka 2001 Anderseni na Krathwoli waliusahihisha mpango huo, wakaandika ngazi kwa vitenzi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kuunda.

Tuchukue somo la ngeli ya KI-VI. Mwanafunzi anayetaja viambishi vyake anakumbuka. Akieleza kwa maneno yake kwa nini twasema «kisu changu», ameelewa. Akiiweka katika wingi sentensi «kisu changu kiko wapi?» naye akapata «visu vyangu viko wapi?», anaitumia kanuni.

Katika kuchambua, tumpe sentensi mbili: ile ya kwanza, na «kisu yangu iko wapi?» aisikiayo kila siku mjini Lubumbashi. Atenge sehemu zake, aonyeshe kwamba jina halikubadilika, bali upatanisho ndio uliobadilika. Kisha tuongeze «kijana wangu amefika» na «kiboko amelala». Sasa atathmini kanuni mbili: je, upatanisho hufuata kiambishi cha jina daima, ama hufuata uhai wa kinachotajwa? Hukumu yake lazima isimame juu ya sentensi hizo. Mwishowe aunde mazungumzo mafupi ya sokoni, ambamo muuzaji anasema Kiswahili cha mjini na mgeni anajibu kwa Kiswahili sanifu, pasipo kuchanganya mifumo hiyo miwili.

Hapa ndipo walimu wengi wanapokosea. Wanadhani kwamba lengo likianza na neno «chambua», basi limekwisha kupanda hadi ngazi ya nne. Lakini ikiwa tofauti ya «kisu changu» na «kisu yangu» iliandikwa ubaoni, nao wanafunzi wakainakili, swali hilohilo katika mtihani linapima kumbukumbu tu. Darasa zima laweza kufaulu, na kesho yake likashindwa mbele ya «kiti yangu».

Dalili ya kosa hilo ni nyepesi kuonekana: majibu ya wanafunzi hufanana neno kwa neno. Basi, kabla ya kuuliza, mwalimu afungue daftari la mwanafunzi. Jibu likiwamo, swali ni la kukumbuka, kitenzi kiwe chochote. Dawa yake si kubadili kitenzi, bali kuleta sentensi ambazo darasa halijaziona.

Wala ngazi hizi si ngazi za nyumba, ambazo kila moja lazima ikanyagwe kwa zamu. Somo laweza kuanza kwa kuchambua «kijana wangu», na kanuni ikakumbukwa vizuri zaidi kwa sababu wanafunzi waliigundua wenyewe.