Kilometa kwa Lita: Kupima Ukweli wa Skrini ya Dashibodi

Gari halina chombo kinachopima mafuta yanayotumika jinsi mita ya maji inavyopima maji ya nyumba. Namba ya kilometa kwa lita inayosomeka kwenye dashibodi ni hesabu: kompyuta ya injini inajua injekta zimekaa wazi kwa muda gani, inakadiria mafuta yaliyopita, kisha inalinganisha na umbali uliokwendwa. Kadirio hilo likiwa na kasoro ndogo, kasoro hiyo hujirudia kila safari. Mara nyingi huelekea upande wa kumfurahisha dereva, yaani gari huonekana linakula mafuta kidogo kuliko linavyokula kweli.

Njia ya kulipata kosa hilo ni kujaza tenki. Tenki hujazwa mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, bila kuongezea matone. Hapohapo mita ya safari hurudishwa sifuri, na wastani wa matumizi pia. Vyote viwili lazima vianze pamoja. Magari mengine hufuta wastani yenyewe kila yakijazwa, kwa hiyo namba ya skrini iandikwe kabla ya kujaza. Gari linatumika kama kawaida hadi tenki likaribie robo, kisha linajazwa tena kwa namna ileile, ikiwezekana kwenye pampu ileile na likiwa limesimama upande uleule. Lita za kwenye risiti ndizo mafuta yaliyotumika.

Mjazo mmoja hautoshi, na mfano unaonyesha sababu. Gari dogo la petroli lilijazwa mara nne. Mara ya kwanza lilikwenda kilometa 462 kwa lita 33.6, skrini ikisema 14.6. Mara ya pili kilometa 447 kwa lita 31.5, skrini 14.4. Ya tatu kilometa 490 kwa lita 38.0, skrini 14.3. Ya nne kilometa 451 kwa lita 32.9, skrini 14.5. Kwa risiti, mjazo wa pili unatoa 14.2 na wa tatu 12.9, ilhali skrini haikuyumba kiasi hicho. Injini haikubadilika tabia. Pampu ilijikata mapema kwenye mjazo wa pili, pengine kwa povu, na pengo la kama lita moja na nusu likazibwa kwenye mjazo wa tatu. Hiyo ndiyo dalili ya kosa la ujazaji: namba moja hupanda, inayofuata hushuka. Namba ikihama na kubaki huko, chanzo kitafutwe penginepo.

Kwa hiyo hujumlishwa kwanza, ndipo hugawanywa. Kilometa zote ni 1,850 na lita zote 136.0, sawa na 13.6 kwa lita. Lita za skrini hupatikana kwa kugawa kilometa za kila mjazo kwa namba yake ya skrini. Jumla yake ni takribani 128, maana yake skrini ilidai 14.45. Ukigawa 13.6 kwa 14.45 unapata 0.94. Tangu hapo, kila namba ya skrini ya gari hilo huzidishwa kwa 0.94: ikisoma 15.0, ukweli ni 14.1.

Kuna kosa la pili ambalo risiti haziwezi kulifichua, nalo ndilo husahauliwa zaidi. Skrini na dereva wote wawili wametumia kilometa zilezile za dashibodi. Mita ikizidisha umbali, kwa mfano kwa sababu ya tairi zilizolika au ndogo kuliko za kiwandani, hesabu zote mbili zinapotoka pamoja na ule uwiano wa 0.94 unabaki palepale. Dawa ni kulinganisha mita na GPS ya simu kwenye barabara kuu kwa kilometa 100 hivi. Mita ikisoma 100 na GPS 98, basi 13.6 huzidishwa kwa 0.98, na gari linabaki na 13.3. Tairi za ukubwa mwingine zikifungwa, kipimo hiki hurudiwa.

Magari mengi hayana mahali pa kuingiza marekebisho, hivyo uwiano hukaa kwenye daftari. BMW za kizazi cha E46 zina menyu iliyofichwa ya majaribio, ambapo jaribio namba 20 hubeba kigezo cha matumizi, kawaida 1000. Kigezo kinarekebisha mafuta, si umbali, kwa hiyo hutumika uwiano wa lita: 136 kwa 128, na 1000 inakuwa 1062. Wastani hufutwa baada ya kuingiza namba hiyo, kisha mijazo mingine mitatu au minne huthibitisha kama skrini na risiti sasa zinasema namba moja.