Barua baada ya picha kuangukia grupu la kazini

Tuseme karani wa ghala jijini Dar es Salaam ametengeneza picha ya utani: mbuzi amesinzia, na chini yake maneno "Kikao cha dakika tano cha bosi, saa ya pili". Aliikusudia kwa marafiki zake, ikaangukia grupu la WhatsApp la idara, meneja akiwemo. Kwa taharuki anabonyeza kufuta. Akijifutia mwenyewe tu, picha inatoweka kwenye simu yake, wenzake wanaendelea kuiona. Hata akifuta kwa wote, inabaki alama kwamba ujumbe umefutwa, na walioiona wameshaiona. Hapo inabaki barua.

Barua nyingi za namna hii huharibiwa na neno "kama". "Naomba radhi kama kuna aliyekwazika" humwachia meneja mzigo wa kuthibitisha kwamba amekwazika. Wengine husingizia mtoto kwamba ndiye aliyeshika simu, ilhali mtoto hajui habari za vikao vya idara. Lakini kosa linalouma zaidi ni kuomba radhi kwa kukosea grupu peke yake. Meneja akisoma hivyo anaelewa jambo moja: huyu hasikitiki kunicheka, anasikitika kwamba nimeona.

Barua ya karani wetu ingeweza kusomeka hivi:

"YAH: KUOMBA RADHI KWA PICHA NILIYOTUMA KWENYE GRUPU LA IDARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Leo saa 4:10 asubuhi nilituma picha inayokejeli vikao vyako. Niliitengeneza mwenyewe, nikikusudia kuwatumia rafiki zangu. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu unaowaongoza, na ninaomba radhi. Saa 4:25 niliifuta kwa wote. Ukiridhia, nitaomba radhi pia kwenye grupu, bila kuirudia picha."

"Niliitengeneza mwenyewe" ni maneno mazito kuandika, ila bila hayo meneja ataanza kuwashuku wengine. Kama kweli vikao ni virefu, hoja hiyo isubiri siku nyingine. Ikiingia humu, radhi inageuka malalamiko. Na barua ipelekwe kwa mkono, baada ya kubisha hodi.

Ikishapokelewa huenda ikaingia kwenye jalada la mfanyakazi, nayo ni kukiri kwa maandishi. Kwa hiyo aeleze alichofanya tu, asijihukumu kwa kuandika "nastahili kufukuzwa". Kanuni za utendaji bora za Tanzania za mwaka 2007 zinasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa likiwa zito kiasi cha kufanya uhusiano wa kazi usivumilike. Mbuzi aliyesinzia kwa kawaida hafiki huko. Picha inayodhalilisha mwili wa mwenzako, kabila lake au dini yake inaweza kufika, na hapo barua, hata iandikwe vizuri namna gani, haizuii kuitwa kwenye kikao cha nidhamu.