Ukitaka kufifisha nyuma ya picha, mtoe mtu kwanza

Picha nyingi ninazoletewa siku hizi huwa na ombi moja: "Nifanyie nyuma iwe na ukungu, kama zile za kamera kubwa." Mara nyingi picha yenyewe haiwezi kupigwa tena. Ya karibuni nililetewa na dada mmoja ambaye mamake amefariki, na picha nzuri aliyobaki nayo ni moja tu, iliyopigwa kwa simu uani kwao. Mama amekaa kwenye kiti cha mbao, kando ya mguu wake pana dele la kahawa. Hatua chache nyuma yake kuna kamba ya nguo na pikipiki, kisha ukuta wenye mlango wa nakshi. Dada alitaka picha ya kutia kwenye fremu, na pikipiki ilikuwa ikimpokonya mama macho ya watazamaji.

Nitaeleza kazi hiyo ilivyofanyika, kwa sababu wengi huijaribu nyumbani na matokeo yake hutambulika mara moja kuwa ni ya kubandika.

Tuanze na lenzi. Kamera kubwa ikifungua tundu lake sana, huona wazi kile kilicho katika umbali mmoja tu, na kila kinachokaa mbele au nyuma ya umbali huo hufifia kidogo kidogo. Lenzi ya simu ni ndogo mno, hivyo huona karibu kila kitu kwa uwazi mmoja. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilipoweka Portrait katika iPhone 7 Plus, simu ile ilitumia lenzi zake mbili kukisia kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, halafu ikafifisha vya mbali. Picha ya kawaida iliyokwisha kupigwa haina habari hiyo ya umbali. Wewe mwenyewe ndiye utakayeieleza.

Mimi hutumia GIMP, programu ya bure ya kompyuta. Picha ya mama ilikuwa na urefu wa pikseli 4000. Niliifungua na kuinakili mara mbili kwa `Layer > Duplicate Layer`, nikapata tabaka tatu zilizopandana. Ya chini ni picha yenyewe, na hiyo haiguswi. Ya kati nikaiita Nyuma, ya juu nikaiita Mama.

Kwenye tabaka la Mama, nilichukua `Free Select` nikamzunguka taratibu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani humzunguka mtu peke yake. Kumbuka kuwa lenzi haimjui mtu, inajua umbali. Kiti kiko umbali ule ule wa mama, na dele pia, kwa hivyo vyote viwili huingia ndani ya mstari. Tazama na mianya: pale kati ya mkono na kiuno, na kati ya miguu ya kiti, panaonekana nyuma, kwa hivyo lazima patolewe. Mwanya mmoja uliosahauliwa ukabaki wazi huku ukuta wote umefifia utaiumbua kazi nzima.

Mstari ulipokamilika niliuingiza ndani pikseli 1 kwa `Select > Shrink`, nikaulainisha pikseli 2 kwa `Select > Feather`. Kisha `Layer > Mask > Add Layer Mask`, nikachagua `Selection`. Sasa tabaka la juu lina mama, kiti na dele tu. Kisha `Select > None`, maana ukiuacha mstari ule ukiwa hai, kila utakalofanya baadaye litaishia ndani yake.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Ukiififisha tabaka la Nyuma hivi lilivyo, mama bado yumo ndani yake. Kufifisha ni kuchanganya rangi ya kila nukta na za jirani zake, kwa hivyo buibui lake jeusi litachuruzika kwenye ukuta mweupe, na utaona utando wa kijivu umemzunguka mwili mzima. Utando huo ndio unaoifanya picha ionekane ya bandia, na hauondoki hata ukate ukingo kwa ustadi gani. Lenzi ya kweli haifanyi hivyo, kwa kuwa mama yuko mbele ya ukuta.

Dawa yake ni kumtoa mama kwenye tabaka la Nyuma kabla ya kufifisha. Nilificha tabaka la juu, nikachukua `Clone`, nikachota ukuta wa pembeni na kumfunika nao. Si kazi ya kuonea shida, kwa kuwa sehemu hiyo itafifia na mama atarudi kukaa juu yake. Huna haja hata ya kumfuta mzima. Ukanda wa kuzunguka ukingo wake watosha, ila uwe mpana kuliko kiasi cha ukungu utakaotia. Mimi nilifuta pikseli 60 kuelekea ndani.

Ndipo nikaenda `Filters > Blur > Lens Blur`, nikaweka 25. Kichujio hiki hukifanya kila kimwanga kiwe duara, kama lenzi ifanyavyo, ilhali `Gaussian Blur` hukieneza tu kama moshi. Hiyo 25 ni ya picha ya pikseli 4000. Picha iliyopita WhatsApp ikabaki na pikseli 1600 hutaka kama 10 tu. Niliwahi kufika 50 kwenye picha ya mama nikarudi nyuma, kwa sababu mlango wa nakshi ulipotea, na dada alitaka uani kwao patambulikane.

Imebaki sakafu. Ikififia yote kwa kiasi kimoja, kiti huonekana kinaelea hewani. Sakafu iliyo chini ya kiti iko umbali wa kiti, kwa hivyo yapasa iwe wazi, halafu ififie kadiri inavyokwenda ukutani. Nililipa tabaka la Nyuma kifuniko cheupe (`Add Layer Mask`, `White`), nikahakikisha nimekichagua kifuniko wala si picha, nikavuta `Gradient` ya nyeusi kwenda nyeupe kutoka miguu ya kiti hadi sakafu inapokutana na ukuta. Palipo peusi, picha ya chini isiyoguswa ndiyo inayoonekana.

Mwisho nilitazama chembe. Picha ilipigwa magharibi, mwanga ukiwa hafifu, kwa hivyo uso wa mama una chembe chembe, na ukungu umeufanya ukuta kuwa laini kama plastiki. Nilirudisha chembe kidogo kwenye tabaka la Nyuma kwa `Filters > Noise > RGB Noise`, mpaka pande mbili zikafanana.

Kuikagua kazi, ikuze hadi 100% na ufuate ukingo wa mtu wote kwa jicho. Ukiona utando, hukumfuta vya kutosha kwenye tabaka la Nyuma. Ukiona uzi mwembamba wa rangi ya ukuta, ongeza `Shrink`. Penye nywele zilizotawanyika au ncha za mtandio hutapata ukingo kamili kwa mstari. Hapo pake kifuniko kwa brashi laini, ukubali ncha chache zipotee.

Kwenye picha ya mama pikipiki bado ipo, ukiitafuta. Lakini jicho linaanza kwake, kisha kwenye dele, ndipo likaufikia mlango.