Mama yuko Kigoma, sauti ya mwanawe yatakiwa shuleni: nani atie saini?

BUJUMBURA – Tuseme mama mmoja wa Buyenzi amevuka mpaka wa Mugina kwenda Kigoma kufuata bidhaa, na atarudi baada ya siku nne. Huku nyuma shule inatengeneza katuni ya masomo, na inataka sauti ya binti yake wa miaka tisa. Fomu ya ridhaa inaletwa nyumbani kwa Kifaransa. Shangazi, ambaye anasoma Kiswahili na Kirundi tu, anatia saini ili mtoto asikose.

Saini hiyo haitoshi. Anayeruhusu ni mzazi, au mlezi anayetambuliwa kisheria. Kuwa safarini hakumzuii mama: shule impigie simu, imsomee fomu kwa lugha anayoielewa, kisha yeye atume ujumbe wa sauti akitaja jina la mtoto, tarehe na alichokubali. Ujumbe huo utunzwe pamoja na fomu mpaka atakaporudi kutia saini kwa mkono wake.

Alichokubali ndicho cha kuangaliwa sana. Kuonyesha katuni darasani ni ruhusa moja, kuiweka YouTube ni nyingine, na kuiuza kwa kituo cha televisheni ni ya tatu. Kila moja iwe na kisanduku chake. Fomu yenye sentensi moja ya “matumizi yote” ni sawa na hati ya mzigo isiyotaja idadi ya magunia. Na binti mwenyewe aulizwe. Akikataa mbele ya maikrofoni, saini ya mama haimlazimishi.

Jambo linalosahaulika ni kujitoa. Watoto kumi wakirekodiwa wakiimba pamoja kwa maikrofoni moja, sauti ya mmoja haitoki kirahisi bila kuharibu za wengine. Kwa hiyo kila mtoto arekodiwe peke yake, faili lake lipewe namba badala ya jina, na fomu itaje siku ya mwisho ya kujitoa kabla sauti hazijachanganywa. Mafundi wengi humtaka mtoto ajitaje jina na darasa mwanzoni mwa rekodi. Kipande hicho kikatwe. Katuni ikishasambaa katika simu za watu, hata shule yenye nia njema haiwezi kuirudisha yote.

Majirani wamekwisha kuonja gharama. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Zile zilikuwa picha, lakini sheria ya Kenya ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi kwa taarifa za mtoto kwa jumla, na sauti inayomtambulisha imo. Rwanda ilitunga sheria yake 2021, Tanzania 2022.

Mama wa Buyenzi akirudi, aombe nakala ya fomu, kisha aulize faili la binti yake lina namba gani.